Jina Libaki Kituoni, Tarehe Ifike Wilayani

Mama anapomfikisha mtoto zahanati akiharisha, tabibu anaandika mambo mengi kumhusu mtoto huyo. Katika zahanati za Tanzania anayaandika kwenye Kitabu Namba 5 cha MTUHA, daftari kubwa la wagonjwa wa nje: tarehe, namba ya hudhurio, jina, anakoishi, umri, jinsi, ugonjwa aliogundulika nao na dawa alizopewa. Mstari mmoja, mgonjwa mmoja. Daftari hilo likijaa linawekwa kabatini na lingine linafunguliwa.

Katika mstari huo, ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya inahitaji sehemu ndogo sana ili ijue kama kuna ugonjwa unaoanza kusambaa. Inatosha ijue kwamba tarehe fulani, katika zahanati fulani, alionekana mtoto mmoja wa kiume wa chini ya miaka mitano mwenye kuhara. Akija wa pili siku hiyo hiyo, moja inakuwa mbili. Jina la mtoto, la mama yake na la kitongoji chao vinabaki pale pale kituoni, mikononi mwa watu waliomhudumia.

Hofu ya wananchi kuhusu taarifa za afya kwa kawaida huelekea kwenye jina, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini katika kazi hii ya kulinda wilaya dhidi ya milipuko, jina likiondolewa hakipungui kitu. Kinachotugharimu ni kuondoa vitu vingine viwili ambavyo havimdhuru mgonjwa yeyote, navyo ni siku na sifuri. Hivyo viwili hupotea kila mwezi katika vituo vingi bila mtu kulalamika.

Kutoka daftarini hadi kwenye tarakimu

Kazi inaanza jioni, wagonjwa wakishaondoka. Muuguzi au tabibu anafungua daftari kwenye kurasa za siku hiyo na kuweka karibu yake fomu ya kutalia. Fomu nyingi za aina hii zina safu za sifuri ndogo zilizochapishwa tano tano. Kila safu ni ya kundi moja la ugonjwa, na imegawanywa kwa umri na jinsi. Anasoma mstari wa kwanza wa daftari, anatafuta safu ya kuhara, anaingia sehemu ya watoto wa kiume, anakata sifuri moja kwa kalamu. Mstari wa pili ni mzee mwenye kikohozi. Anahamia safu nyingine. Akimaliza anahesabu zilizokatwa.

Makundi ya umri ni machache kwa makusudi. Taarifa ya Tanzania inatenganisha watoto wachanga wa chini ya mwezi mmoja, wa mwezi mmoja hadi chini ya mwaka mmoja, wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano, watu wa miaka mitano hadi chini ya sitini, na wa sitini na kuendelea. Mgawanyo huo unatosha kumwambia afisa wa wilaya jambo la msingi. Kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni jambo la kila wiki katika zahanati yoyote. Kuhara kwa watu wazima wengi kwa siku moja kunamfanya afikirie kipindupindu, au chakula cha shughuli iliyofanyika jana yake.

Jambo jingine linalosafiri pamoja na tarakimu ni aina ya hudhurio. Mtoto aliyekuja Jumatatu na akarudi Alhamisi kwa kuhara kule kule ana mistari miwili daftarini, ila ugonjwa ni mmoja. Asipohesabiwa kama marudio katika siku ya pili, wilaya itaona wagonjwa wawili. Hata hivyo hesabu hii ni ya mahudhurio na haiwezi kuwa ya watu. Mama akienda zahanati asubuhi na kituo cha afya jioni, mwanawe atatokea mara mbili, na bila jina hakuna njia ya kuligundua hilo wilayani. Kwa anayetafuta kujua ni watu wangapi hasa waliougua mwaka huu, hilo ni pungufu kubwa. Kwa anayetazama kama leo ni tofauti na kawaida haimsumbui sana, maana wanaohesabiwa mara mbili walikuwepo wiki iliyopita pia.

Kenya wana fomu inayoonyesha wazo hili vizuri. Ni MOH 705A kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na MOH 705B kwa wa miaka mitano na zaidi. Magonjwa yameorodheshwa kushuka chini, na juu zimepangwa siku za mwezi, kuanzia 1 hadi 31. Ukishika karatasi hiyo unaweza kufuata kuhara kwa kidole kutoka tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi na kuona ni siku gani kuliongezeka. Karatasi haina jina hata moja. Majina yako kwenye madaftari ya kituo.

Tatizo ni kinachotokea baada ya hapo. Taarifa ya kawaida hujumlishwa na kupelekwa mara moja kwa mwezi. Tanzania inatakiwa ifike wilayani kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kisha inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta unaotumiwa na nchi nyingi za Afrika na ulioanzia kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo. Magonjwa machache ya mlipuko yana taarifa ya kila wiki, na mengine kama kipindupindu yanatakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24. Ila hesabu ya siku ya kuhara, ya homa au ya kikohozi, ambayo tayari imeshakatwa kwenye fomu jioni ile, mara nyingi inabaki mezani hadi mwisho wa mwezi.

Wiki moja ya kuhara

Tuchukue mfano tuone siku ina thamani gani. Zahanati na tarakimu hizi nimezitunga, lakini zimefuata mwenendo wa kawaida wa zahanati ya kijijini.

Zahanati yetu huona watoto wa chini ya miaka mitano wenye kuhara wapatao 16 au 17 kwa wiki. Hawagawanyiki sawasawa. Jumatatu huja watano, kwa sababu waliougua tangu Ijumaa jioni wamesubiri. Jumanne wanakuja watatu, Jumatano na Alhamisi wawili wawili, Ijumaa watatu, Jumamosi mmoja, Jumapili hakuna. Hii ni wiki ya tarehe 8 hadi 14, na jumla yake ni 16.

Wiki inayofuata Jumatatu ya tarehe 15 wanakuja sita. Hapo hakuna cha kushtua, kwani Jumatatu iliyopita walikuwa watano. Jumanne wanne, Jumatano watano. Alhamisi wanakuja saba, siku ambayo kwa kawaida huja wawili. Ijumaa wanane. Jumamosi sita, na Jumapili, siku ambayo mlango hufunguliwa kwa dharura tu, wanakuja wanne. Jumla ni 40.

Mtu anayetazama tarakimu ya siku moja peke yake anaweza kudanganyika kirahisi. Sita wa Jumatatu ni kawaida, sita wa Jumamosi ni ishara mbaya, ingawa tarakimu ni ile ile. Kwa hiyo ofisi ya wilaya haiwezi kulinganisha leo na jana. Inalinganisha Jumatatu na Jumatatu, au inafanya jambo rahisi zaidi: kila jioni inajumlisha siku saba zilizopita. Siku mpya ikiingia, siku ya zamani kabisa inatoka. Kwa njia hiyo kila jumla ina Jumatatu moja na Jumapili moja, na siku ya gulio haipotoshi kitu.

Kwa mfano wetu, jumla ya siku saba ilikuwa 16 Jumapili ya tarehe 14. Jumatatu ikawa 17, Jumanne 18, Jumatano 21, Alhamisi 26, Ijumaa 31, Jumamosi 36, na Jumapili 40. Anayezipanga tarakimu hizo kwenye karatasi ya mraba anaona mstari ukiinuka kuanzia Jumatano.

Sasa tumfikirie anayepokea taarifa ya mwezi peke yake. Wiki ya nne wamekuja watoto 37 kwa sababu hakuna aliyejua wala aliyefanya lolote. Mwezi unafungwa na watoto 118, wakati mwezi uliopita walikuwa 72. Taarifa inafika wilayani tarehe 7. Afisa anaona ongezeko, anakumbuka kwamba mvua zilianza, anaandika kuwa ni msimu. Tarakimu yake haimwambii kama ongezeko lilisambaa mwezi mzima taratibu, kama msimu unavyofanya, au liliruka ghafla katikati ya mwezi, kama maji ya kisima kimoja yanavyofanya yakiingiwa na kinyesi. Na hata angejua, kutoka Alhamisi ile ya tarehe 18 zimeshapita karibu wiki tatu.

Mpaka wa kawaida uko wapi?

Mstari unaoinuka unahitaji mpaka, tarakimu ambayo ikivukwa simu inapigwa. Mwongozo wa ufuatiliaji wa magonjwa ambao Shirika la Afya Duniani limeuandaa kwa nchi za Afrika una njia ya kuweka mpaka huo ambayo haihitaji hata kikokotoo, nayo hutumika hasa kwa malaria. Unachukua hesabu za wiki hiyo hiyo katika miaka mitano iliyopita na kuzipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Ya tatu, ile ya katikati, ndiyo kawaida. Ya nne ndiyo mpaka.

Tuseme katika zahanati yetu wiki ya tatu ya mwezi huo, miaka mitano iliyopita, ilikuwa na watoto 14, 17, 19, 24 na 96. Kawaida ni 19, mpaka ni 24. Jumla ya siku saba ilivuka 24 Alhamisi, ilipofika 26. Ijumaa asubuhi simu inapigwa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusitumie wastani tu. Ile 96 ina jibu. Ni mwaka ambao palikuwa na mlipuko wenyewe. Wastani wa tarakimu hizo tano ni 34, na ungetumika kama mpaka, zahanati yetu isingeuvuka hadi Jumamosi. Mlipuko mmoja wa zamani ungechelewesha kugunduliwa kwa mlipuko mpya. Kuzipanga kwa mfuatano na kuchukua ya nne kunaiacha 96 pembeni bila mtu kubishana kama ifutwe au isifutwe.

Kuvuka mpaka si uthibitisho wa mlipuko. Ni sababu ya kuuliza, na swali la kwanza ni kama kilichoongezeka ni ugonjwa au ni wagonjwa wote. Gari la dawa likifika baada ya wiki kadhaa za makabati matupu, habari huenea kijijini na watu wakafurika na kila aina ya maradhi. Zahanati ya jirani ikifungwa kwa sababu tabibu wake yuko masomoni, wagonjwa wake wanahamia hapa. Ndiyo maana pamoja na kuhara lazima ije jumla ya mahudhurio yote ya siku. Ikiwa kuhara kumepanda maradufu na kikohozi, vidonda na maumivu ya mgongo navyo vimepanda maradufu, kilichotokea ni msongamano. Ikiwa mahudhurio yote ni yale yale ya kila wiki na kuhara peke yake ndiko kumepanda, tafuta maji au chakula.

Simu hiyo ya Ijumaa ndipo jina linapofanya kazi yake, likiwa mahali pake. Mganga mfawidhi anafungua daftari lake mwenyewe na kusoma safu ya makazi kwa siku tano zilizopita. Anaona wengi wametoka kitongoji kimoja. Anachomwambia afisa wa wilaya ni kitongoji hicho, wala hahitaji kumtajia mtoto hata mmoja. Afisa afya anakwenda kuangalia kisima, maji yanatiwa dawa, sampuli za kinyesi zinachukuliwa kwa watoto wanaofika siku hiyo, chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki vinaongezwa zahanati. Taarifa binafsi zimetumika kikamilifu, na hazikutoka kwenye chumba zilimoandikwa.

Sifuri si nafasi tupu

Mfumo huu una kasoro moja inayouharibu kimyakimya kuliko zote. Jioni moja wilaya inapokea kutoka zahanati fulani ujumbe usio na kitu kwenye kuhara damu. Je, hakuna aliyeharisha damu, au hakuna aliyehesabu? Tabibu alikuwa peke yake, alihudumia wagonjwa 60, jua likatua, akaenda kupumzika. Kompyuta ikichukulia nafasi tupu kuwa sifuri, zahanati iliyozidiwa na wagonjwa inaonekana kuwa zahanati yenye afya njema kuliko zote wilayani. Na kituo huzidiwa hasa pale mlipuko unapoanza, kwa hiyo mfumo unanyamaza wakati ambapo ungetakiwa kupiga kelele.

Dawa yake ni kuandika sifuri kwa mkono. Kituo ambacho hakikuona kuhara damu kinaandika 0. Kisichotuma chochote kinahesabiwa kuwa hakijaripoti, na kila siku wilaya inatazama kwanza ni vituo vingapi vimeripoti kabla ya kutazama vimeripoti nini. Vituo 40 vikiripoti wagonjwa 200 leo, na 28 vikiripoti 150 kesho, ugonjwa haukupungua. Waliopungua ni walioripoti.

Udanganyifu mwingine hutoka kwenye malaria. Tanzania hutenganisha malaria iliyothibitishwa kwa darubini, iliyothibitishwa kwa kipimo cha haraka, na ile ambayo tabibu ameikisia kwa dalili tu. Vipimo vya haraka vikiisha, malaria iliyothibitishwa inashuka ghafla kutoka 30 kwa wiki hadi nne, na anayetazama safu hiyo peke yake anaweza kushangilia. Akitazama safu ya pili, ile ya kukisia, anaona imepanda kutoka sifuri hadi 35. Mbu hawakuondoka, vipimo ndivyo vilivyokwisha. Vivyo hivyo, wagonjwa 30 wenye malaria kati ya 60 waliopimwa ni hali tofauti kabisa na 30 kati ya 200. Pasipo idadi ya waliopimwa, tarakimu ya waliokutwa na vimelea haina uzito.

Kuna makosa ambayo afisa mzoefu huyaona kwa kutupia macho tu. Kituo kinachoripoti kuhara watatu kila siku kwa siku ishirini mfululizo, Jumapili ikiwemo, hakihesabu, kinajaza. Tarakimu zinazoishia na sifuri au tano kila mara zimekadiriwa. Vipimo vya malaria vilivyotumika kwa mujibu wa leja ya dawa vinapaswa kukaribiana na idadi ya waliopimwa kwenye taarifa, na pakiwa na pengo kubwa, mojawapo ya vitabu hivyo viwili haisemi kweli. Kwa upande mwingine, jumla ya magonjwa kuzidi jumla ya mahudhurio si kosa, maana mtu mmoja anaweza kuwa na nimonia na minyoo kwa pamoja. Wasiojua hilo hupunguza magonjwa ili jumla zilingane, na kwa kufanya hivyo wanaharibu taarifa iliyokuwa sahihi.

Uhakiki wa kweli hufanyika kituoni. Msimamizi anachagua ugonjwa mmoja na kipindi kimoja, anafungua Kitabu Namba 5, anahesabu upya mstari kwa mstari, na kulinganisha na kilichotumwa. Daftari likiwa na 43 na taarifa ikawa na 34, mtu amegeuza tarakimu. Daftari likiwa na 43 na taarifa ikawa na 60, kuna mazungumzo marefu ya kufanywa. Hapa tena daftari lenye majina halikuhitaji kusafiri. Aliyesafiri ni msimamizi.

Ugonjwa usio na safu

Julai 2022, katika kituo cha afya cha Mbekenyera, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, walifika wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka na kutokwa damu puani. Wa kwanza walikuwa wawili tu. Hakuna mpaka wa hesabu ambao wagonjwa wawili wa homa wangeuvuka. Vituo vya Lindi huona homa kila siku. Wangeandikwa kwenye safu ya homa nyingine, au ya mengineyo, na kumezwa humo.

Kilichowatoa kwenye safu hiyo ni damu ya puani pamoja na homa, na wahudumu walioona kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja kwa kawaida wakatoa taarifa. Ebola na Marburg zilipimwa na hazikupatikana. Ilibainika kuwa ni leptospirosisi, ambayo Watanzania waliizoea haraka kwa jina la homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaoenezwa kwa mkojo wa wanyama. Hadi kufikia mwezi huo walihesabiwa wagonjwa 20, na watatu kati yao walifariki.

Hesabu kwa makundi ya magonjwa huona kile tu ambacho safu zake ziliandaliwa kuona, na hukiona kikiwa kingi. Haimwoni mgonjwa mmoja wa ajabu. Kwa hiyo ujumbe wa kila siku unahitaji pamoja na tarakimu mstari mmoja wa maneno: je, leo umeona jambo usilolielewa? Pia unahitaji kuwa mfupi. Orodha kamili ya magonjwa ya wagonjwa wa nje ni ndefu mno kutumwa kila jioni na mtu mmoja aliyechoka. Makundi machache yanatosha kwa ulinzi wa kila siku: kuhara, kuhara damu, malaria iliyothibitishwa na idadi ya waliopimwa, homa isiyo na malaria, nimonia, homa na vipele, manjano, kuumwa na mbwa, mengineyo, na jumla ya mahudhurio. Mengine yasubiri mwezi.

Magonjwa yanayotakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24 yana njia nyingine, na humo ndani jina huingia. Mtoto aliyepooza ghafla lazima afuatiliwe nyumbani kwake na choo chake kipimwe kama kuna polio; kwa tarakimu tupu hawezi kupatikana. Fomu hiyo inahusu mtu mmoja na inapita mikononi mwa wachache wenye kazi naye. Njia hizi mbili zisichanganywe. Ombi la kutumiwa orodha ya majina ya wote walioharisha wiki hii, kwenye kundi la simu lenye watu hamsini, ni kosa hata kama nia ni njema.

Moja yenye uso

Kufuta jina hakumaanishi kwamba mtu amefichika daima. Wilaya ikibandika ukutani taarifa inayosema kwamba katika zahanati ya kijiji fulani, tarehe 18, alionekana mwanamke mmoja wa miaka 60 na zaidi mwenye ukoma, kijiji kizima kinaweza kumjua kabla ya jioni. Walimwona akielekea zahanati siku hiyo, na wazee wa umri huo walioonekana hapo walikuwa wawili. Vivyo hivyo magonjwa ya zinaa kwa kijana mmoja katika kituo kidogo.

Kadiri tarakimu inavyobanwa kwa siku, kituo, umri na jinsi, ndivyo inavyomkaribia mtu. Kwa hiyo anayepokea ndani ya ofisi ya wilaya kwa kazi ya ulinzi anahitaji tarakimu ya siku na kituo, lakini kinachotoka nje ya ofisi hiyo kinapaswa kukusanywa zaidi, kwa kata au wilaya, kwa wiki au mwezi, na tarakimu ndogo, kwa mfano zilizo chini ya tano, zisichapishwe. Kuficha nako kuna mtego. Ukificha moja ya kituo kimoja lakini ukachapisha jumla ya kata kuwa 12 na vituo vingine vyote kuwa 11, mtoto wa darasa la pili atatoa 11 kwenye 12. Ukificha tarakimu moja, ficha na nyingine, au usichapishe mgawanyo kabisa.

Sheria iko upande huu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinaziweka taarifa za afya kati ya zile nyeti. Hesabu isiyoweza kumtambulisha mtu haimo kwenye kundi hilo. Hesabu inayomtambulisha imo, hata kama haina jina. Swali la kujiuliza kabla ya kubandika karatasi ukutani ni moja: je, jirani yake akiisoma atajua ni nani?

Wananchi wana mahali pa kuyasemea haya. Vituo vya umma vya Tanzania vina kamati za usimamizi zenye wawakilishi wa wananchi, nazo hukutana na mganga mfawidhi. Kamati haina sababu ya kuomba daftari. Inaweza kuuliza mambo matatu: mwezi uliopita ni siku ngapi ambazo hesabu haikutumwa, mpaka wetu wa kuhara wiki hii ni tarakimu gani, na mara ya mwisho tulipouvuka wilaya ilipiga simu baada ya siku ngapi. Mganga mfawidhi mwenye fomu zake za kutalia mezani anaweza kuyajibu yote matatu kabla kikao hakijafungwa. Akishindwa la kwanza, la pili na la tatu hayana majibu ya kuaminika, na kamati itajua kwamba kazi ianzie kwenye kumpatia mtu wa kukaa na kuhesabu jioni.